Ukinzani jumla wa sakiti iliyopigwa picha: fuata waya, usifuate umbo

Swali la rezista likifika kwenye simu kama picha ya ukurasa wa kitabu, watu wengi hukimbilia kanuni. Kanuni zenyewe ni mbili tu na kila aliyepita kidato cha pili au cha tatu amewahi kuzisikia: rezista zilizo kwenye mfululizo hujumlishwa, na zilizo sambamba hujumlishwa kwa njia ya sehemu, yaani 1/R = 1/R1 + 1/R2 na kuendelea. Majibu mengi yasiyo sahihi hayatokani na hizo kanuni. Yanatoka mapema zaidi, pale msomaji anapoamua kwa macho kwamba rezista hii na ile ziko sambamba kwa sababu tu zimechorwa bega kwa bega. Mchoro wa sakiti si ramani ya mahali vitu vilipo. Unaonyesha nini kimeunganishwa na nini, na mchoraji ana uhuru wa kupinda waya na kuzungusha rezista apendavyo.

Picha ya simu huongeza tabu yake juu ya hiyo. Nukta nyeusi inayoonyesha kwamba waya mbili zimeungana huwa na upana wa takriban milimita moja kwenye karatasi. Picha ikitikisika kidogo, au ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ambayo huibana, nukta hiyo inaweza kufifia au kivuli kikaonekana kama nukta. Kwa hiyo anayepiga picha alaze kitabu kiwe bapa, asimame juu yake simu ikiwa sawa na ukurasa, azime flashi kama karatasi inang'aa, kisha apige picha ya pili kwa karibu kwenye kila mahali waya zinapokatana. Kama picha inatumwa, itumwe kama dokumenti ili ifike bila kupunguzwa.

Kabla ya hesabu, soma namba zote na uziandike pembeni. Alama ya Ω ikififia hufanana na sifuri, na 6 Ω ikageuka 60. Ukiona namba zote za mchoro zinaishia na sifuri isiyolingana vizuri na tarakimu nyingine, shuku. Nukta ya desimali ni mbaya zaidi: 4.7 kΩ ikipoteza nukta inakuwa 47 kΩ, na hakuna cha kukuonya kwa sababu thamani zote mbili zinauzwa madukani. Ndiyo maana michoro ya mafundi huandika 4k7 badala ya 4.7k, na 4R7 badala ya 4.7 Ω, herufi imekaa mahali pa nukta na haifutiki kirahisi. Kwenye mtindo huo 10R ni omu 10, wala si jina la rezista. Halafu weka zote kwenye kipimo kimoja. Mchoro wenye 1.5 kΩ na 500 Ω usomwe kama 1500 na 500.

Alama ya rezista yenyewe ina sura mbili: mstari wa meno ya msumeno, au kisanduku chembamba. Ni kitu kimoja. Duara lenye A ni ammita, nayo kwenye maswali ya kawaida huhesabiwa kama waya mtupu. Duara lenye V ni voltimita, na hiyo unaweza kuifuta kabisa kwenye mchoro kwa kuwa ukinzani wake ni mkubwa mno kiasi kwamba mkondo unaopita humo haufai kuhesabiwa. Swichi iliyo wazi hukata tawi lake lote.

Sasa tuchukue sakiti moja na kuifuata mpaka mwisho. Ichore kwenye karatasi unapoendelea kusoma, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kalamu.

Betri ya volti 12 iko upande wa kushoto, chanya ikiwa juu. Kutoka chanya waya unapanda hadi kona ya juu kushoto, kisha unaelekea kulia na kupita R1 ya 3 Ω. Baada ya R1 kuna nukta. Hapo waya unagawanyika: tawi moja linashuka katikati ya mchoro kupitia R2 ya 12 Ω hadi mstari wa chini, na tawi lingine linaendelea kulia kupitia R3 ya 4 Ω hadi kona ya juu kulia. Kwenye kona hiyo waya unashuka ubavuni kupitia R4 ya 2 Ω, unafika kona ya chini kulia, na kurudi kushoto. Njiani unakutana na mguu wa R2, penye nukta, kisha unapita R5 ya 5 Ω na kufika kona ya chini kushoto, ambako unaungana na hasi ya betri.

Imebaki R6 ya 24 Ω, na hapa ndipo mtego ulipo. R6 imesimama wima nje kabisa upande wa kulia, jirani na R4. Waya wake wa juu unatoka kushoto, kwenye nukta iliyo kati ya chanya ya betri na kona ya juu. Unavuka mchoro mzima kwa mlalo: unakatana na waya wa R2 juu kidogo ya R2, hakuna nukta, unakatana na waya wa R4 juu kidogo ya R4, hakuna nukta, kisha unatoka nje na kushuka hadi R6. Waya wake wa chini unapita chini ya kila kitu na kuishia kwenye nukta ya kona ya chini kushoto.

Ukiutazama mchoro huu kwa haraka, jicho linasema R4 na R6 ziko sambamba. Zote mbili zimesimama wima, ziko upande mmoja, na zimekaribiana. Acha jicho, chukua kalamu za rangi.

Anza kwenye chanya ya betri. Paka rangi moja, tuseme nyekundu, waya wote unaoweza kuufikia bila kupita ndani ya rezista wala betri. Kila unapokuta rezista, simama. Kila unapokuta kona, endelea, maana kona ni waya ule ule uliopinda. Penye nukta, fuata matawi yote. Penye makutano ya msalaba yasiyo na nukta, nyoosha moja kwa moja kana kwamba waya mwingine haupo. Sehemu yote iliyopakwa nyekundu ni kituo kimoja cha umeme. Fundi angesema ina volteji moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuiite fundo A. Kwenye mchoro wetu fundo A linagusa betri, upande wa kushoto wa R1, na kwa ule waya mrefu wa mlalo, linagusa kichwa cha R6 kilicho mbali kabisa upande wa kulia. Umbali wa sentimita nane kwenye karatasi hauna maana yoyote hapa.

Badilisha rangi na uanze upande wa pili wa R1. Hilo ni fundo B: linagusa R1, kichwa cha R2, na upande wa kushoto wa R3. Upande wa pili wa R3 ni fundo D, ambalo linagusa R3 na kichwa cha R4 tu. Chini ya R4 ni fundo C: linagusa R4, mguu wa R2, na upande wa kulia wa R5. La mwisho ni E: upande wa kushoto wa R5, mguu wa R6, na hasi ya betri.

Baada ya hapo picha imemaliza kazi yake. Unaweza kuifunika na kubaki na orodha hii:

```
R1    3 Ω    A – B
R2   12 Ω    B – C
R3    4 Ω    B – D
R4    2 Ω    D – C
R5    5 Ω    C – E
R6   24 Ω    A – E
Betri        A – E
```

Sasa maswali yanayomsumbua mwanafunzi yanakuwa mepesi. Rezista mbili ziko sambamba pale tu ambapo herufi zao mbili ni zile zile. R4 ni D–C na R6 ni A–E. Hazishiriki hata herufi moja, kwa hiyo ujirani wao kwenye picha ni wa karatasi tu. Rezista mbili ziko kwenye mfululizo pale ambapo zinakutana kwenye herufi inayotokea mara mbili tu katika orodha yote, yaani hakuna kitu cha tatu kinachogusa fundo hilo. Ukiitafuta herufi ya namna hiyo utaipata moja: D. Basi R3 na R4 ziko kwenye mfululizo, ingawa moja imelala na nyingine imesimama na kuna kona kati yao.

Betri iandikwe kwenye orodha kwa makusudi. Bila mstari wake, A ingeonekana mara mbili tu, kwa R1 na R6, na mtu angezijumlisha na kupata 27 Ω kana kwamba ziko kwenye mfululizo. Haziko hivyo. Mkondo unaotoka kwenye betri unafika A na kugawanyika, sehemu inaingia R1 na sehemu inaingia R6. Kama swali halina betri bali lina ncha mbili zilizoandikwa X na Y, au vituo viwili vya duara dogo, weka ncha hizo kwenye orodha kana kwamba betri imefungwa hapo. Kosa hili huwapata hata wanaojua kupaka rangi vizuri.

Sasa punguza, hatua moja kila mara, na baada ya kila hatua andika orodha upya badala ya kuibeba kichwani.

R3 na R4 zinajumlishwa: 4 + 2 = 6 Ω. Fundo D linatoweka, na mahali pake pana rezista moja ya 6 Ω kati ya B na C. Tazama orodha tena: sasa R2 nayo ni B–C. Herufi ni zile zile, hivyo ziko sambamba. Kwa rezista mbili unaweza kuzidisha na kugawanya kwa jumla yao: 12 × 6 = 72, gawanya kwa 18, unapata 4 Ω. Usambamba huu haukuwepo mwanzoni. R2 haikuwa sambamba na R3 wala na R4. Imekuwa sambamba na mjumuisho wao. Anayeanza na R2 na R3 kwa sababu zote zinatoka B atakwama au, vibaya zaidi, hatakwama bali atapata jibu.

Orodha imebaki na 3 Ω (A–B), 4 Ω (B–C), 5 Ω (C–E) na 24 Ω (A–E). B inaguswa mara mbili, C mara mbili. Kwa hiyo zile tatu za kwanza ni mfululizo: 3 + 4 + 5 = 12 Ω kutoka A hadi E. Hiyo iko sambamba na R6: 12 × 24 = 288, gawanya kwa 36, jibu ni 8 Ω.

Ukinzani jumla ni 8 Ω. Aliyedanganywa na jicho akaweka R4 sambamba na R6 angepata 1.85 Ω kwa hizo mbili, akaongeza R3 na kupata 5.85 Ω, akaiweka sambamba na R2 na kupata 3.93 Ω, kisha akaongeza 3 na 5 na kufika 11.93 Ω. Kila hatua ya hesabu yake ni safi. Sakiti aliyoipigia hesabu ndiyo siyo iliyochorwa.

Nukta nazo zina uzito wa namna hiyo. Tuseme picha ni hafifu na msomaji anaona nukta pale waya wa R6 unapokatana na waya wa R2. Papo hapo A na B zinakuwa fundo moja. R1 inabaki na herufi A–A, ncha zake zote mbili kwenye fundo moja, hivyo mkondo haupiti humo na inafutwa. Kinachobaki ni 4 + 5 = 9 Ω sambamba na 24 Ω, sawa na 6.55 Ω. Akiona nukta kwenye msalaba wa pili pia, D nayo inamezwa na A, R3 inafutwa, na jibu linashuka hadi 5.25 Ω. Kutoka 8 hadi 5.25 kwa madoa mawili ya wino.

Utajuaje kama nukta ipo au haipo? Usitazame msalaba huo peke yake. Tazama makutano mengine ya mchoro huo huo. Kama pale waya tatu zinapokutana kwa umbo la T mchoraji ameweka nukta nzito, basi msalaba usio na nukta ni waya zinazopishana tu. Kama hakuweka nukta mahali popote, tafuta kilima kidogo, pale waya mmoja unaporuka juu ya mwingine kama nusu duara. Mchoraji wa namna hiyo huonyesha kupishana kwa kilima, na msalaba usio na kilima ni muungano. Makutano ya T yenyewe huhesabiwa kuwa yameungana, iwe na nukta au bila nukta, kwa sababu waya hauwezi kuishia hewani. Ukibaki na shaka, piga hesabu kwa usomaji wote uwili na uone ni upi unaoacha rezista ikiwa na herufi mbili zinazofanana. Mara nyingi usomaji huo ndio wenye kosa, lakini si kila mara: watunga mitihani hupenda kufunga waya mtupu kuzunguka rezista kwa makusudi ili kuona kama mtahiniwa atatambua kwamba haina kazi.

Kwenye hesabu za usambamba kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kusahau kugeuza mwishoni. 1/12 + 1/6 ni 3/12, yaani 0.25, na mtu anaandika 0.25 Ω kama jibu. Hiyo bado ni 1/R. Ukinzani ni 1 gawanya kwa 0.25, yaani 4. La pili ni kuzidisha-na-kugawanya-kwa-jumla kwa rezista tatu kwa mpigo. Njia hiyo ni ya rezista mbili tu. Jaribu na tatu za 6 Ω: 216 gawanya kwa 18 inakupa 12, wakati jibu sahihi ni 2. Kinga ni rahisi: ukinzani wa rezista zilizo sambamba lazima uwe mdogo kuliko ile ndogo kuliko zote. Ukipata 12 kutokana na 6, 6 na 6, umeshajua pa kurudi.

Hesabu nzima inakaguliwa kwa kurudi nyuma na sheria ya Ohm. Volti 12 gawanya kwa 8 Ω ni ampea 1.5 kutoka kwenye betri. R6 imefungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo inapitisha 12 ÷ 24 = 0.5. Inabaki ampea 1 kwenye R1. R1 inatumia volti 3 na R5 inatumia volti 5, hivyo kati ya B na C zinabaki volti 4. R2 inapitisha 4 ÷ 12 = 0.33, na R3 pamoja na R4 zinapitisha 4 ÷ 6 = 0.67. Jumla ni ampea 1, ile ile iliyoingia. Lakini ukaguzi huu unapima hesabu tu. Aliyesoma picha vibaya naye atapata mikondo inayolingana, maana anakagua sakiti yake mwenyewe. Usomaji hukaguliwa kwa njia nyingine: chora sakiti upya kutoka kwenye orodha bila kutazama picha, kisha weka kidole kwenye picha na ufuate kila rezista ncha zote mbili, ukiuliza kama herufi zake ni zile ulizoandika.

Iko aina moja ya mchoro ambayo itakataa hatua zote hizi. Ukimaliza orodha na ukakuta hakuna rezista mbili zenye herufi zile zile, na hakuna herufi ya ndani inayotokea mara mbili tu, usirudi kutafuta kosa kwa saa nzima. Huenda una daraja la Wheatstone: rezista nne zikiunda pembe nne kati ya ncha mbili, na ya tano ikiwa katikati kama kamba. Tuseme upande wa juu una 2 Ω ikifuatiwa na 4 Ω, upande wa chini 3 Ω ikifuatiwa na 6 Ω, na katikati 5 Ω. Linganisha uwiano: 2/4 ni sawa na 3/6. Daraja limelingana, ncha mbili za ile 5 Ω zina volteji sawa, hakuna mkondo unaopita humo, na unaweza kuifuta. Kinachobaki ni 6 Ω sambamba na 9 Ω, yaani 54 gawanya kwa 15, sawa na 3.6 Ω. Uwiano usipolingana, mfululizo na usambamba havitakufikisha popote. Hapo inabidi kugeuza pembetatu moja ya rezista kuwa nyota, au kuandika milinganyo ya mikondo kwa sheria za Kirchhoff.